Lori Lililoegeshwa Gizani

Lori limeharibika saa mbili usiku na kusimama nusu barabarani. Dereva hakuwasha taa za hazadi wala hakuweka pembetatu ya tahadhari nyuma yake. Mwendesha bodaboda analivaa na kuvunjika mguu. Watu wakishakusanyika wanauliza swali moja tu: nani mwenye makosa? Mahakamani, anayedai fidia kwa uzembe lazima athibitishe mambo manne, na kukosekana moja kunatosha kuangusha kesi.

La kwanza ni wajibu. Je, dereva alipaswa kumfikiria mtu huyu? Kwa anayepita barabara ileile, jibu ni rahisi. Kwa aliye pembeni si rahisi hivyo. Mwaka 1938 mjini Edinburgh, mwuza samaki mjamzito alisikia kishindo cha pikipiki ikigongana na gari, kisha akaona damu barabarani. Mshtuko ulimdhuru, na mtoto wake akazaliwa amekufa. Mwaka 1942 majaji wa Uingereza walimnyima fidia kwa kuwa mwendesha pikipiki, aliyefia pale pale, hakuweza kutarajia kumdhuru mtu aliyekuwa nje ya eneo la hatari. Uamuzi mkavu, lakini unaonyesha kwamba wajibu una mipaka.

La pili ni kukiuka wajibu huo. Kipimo ni dereva mwangalifu wa kawaida, na huko huko Uingereza, mwaka 1971, hata mwanagenzi wa udereva alipimwa kwacho. Dereva wetu hana pa kujificha.

La tatu, kusababisha, ndipo kesi nyingi zinapokwama. Tuseme bima ya lori ilikuwa imekwisha muda. Ni kosa, ila halikuvunja mguu wa mtu. Sasa tuseme bodaboda haikuwa na taa ya mbele. Pembetatu haiwaki yenyewe, hurudisha tu mwanga unaoimulika. Hata ingewekwa, mpanda pikipiki asingeiona, kwa hiyo kutoiweka hakukuleta ajali. Hazadi ni habari nyingine, maana zinawaka zenyewe. Kama betri ya lori ilikuwa nzima na taa hizo zingeonekana kwa mbali, mdai ashikilie hapo. Wakili anayeorodhesha makosa yote ya dereva bila kuonyesha lipi lilileta ajali anampotezea mteja wake muda.

Kukosa taa kwa bodaboda hakumfuti mdai. Kunapunguza tu anachopata. Jaji akikadiria fidia ya shilingi milioni 10 na kuona mdai alichangia ajali kwa asilimia 40, atalipwa milioni 6.

La nne ni madhara yenyewe: mguu, gharama za hospitali, kipato kilichopotea. Bodaboda ikikwepa lori salama, mwendeshaji hana cha kudai kwa hofu ya dakika moja. Trafiki, hata hivyo, anaweza kumwandikia dereva faini usiku uleule.