Feni Ichaguliwe kwa Filta Chafu

Mtambo wa hewa ulio juu ya paa la jengo la ofisi kando ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, huvuta vumbi la aina mbili kwa wakati mmoja. Kuna udongo unaotimuliwa na matairi, chembe kubwa zinazoonekana kwenye dirisha baada ya siku moja tu. Kuna pia moshi wa malori ya dizeli yanayotoka bandarini, ambao chembe zake nyingi hazifiki mikroni 1. Hizi hazionekani, nazo ndizo zinazozama ndani kabisa ya mapafu.

Filta huuzwa kwa madaraja, na tangu mwaka 2016 madaraja hayo hupangwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 16890. Lebo ikisomeka “ISO ePM1 55%”, maana yake filta hiyo hunasa asilimia 55 ya chembe za hadi mikroni 1. Ikisomeka “ISO Coarse”, hiyo ni filta ya vumbi kubwa tu, moshi unapita. Mafundi wengi bado huziita kwa majina ya zamani: ya vumbi kubwa G4, ya moshi F7.

Kwa jengo letu zinahitajika zote mbili. Ukiweka ya moshi peke yake, udongo utaiziba mapema, na hiyo ndiyo ya bei kubwa. Ya vumbi kubwa ikae mbele, ipokee udongo, ibadilishwe mara nyingi; ya nyuma ibaki na kazi ya moshi.

Hapo ndipo hesabu ya presha inapoanza. Kila filta huizuia hewa kidogo, na feni hulazimika kusukuma zaidi. Kizuizi hicho hupimwa kwa paskali. Paskali 100 ni sawa na kuinua maji kiasi cha milimita 10 ndani ya mpira. Tuseme mtambo wetu unapitisha mita za ujazo 10,000 za hewa kwa saa, kupitia filta tatu za sentimita 60 kwa 60 katika kila safu. Zikiwa mpya, safu ya mbele inakula paskali 50 na ya nyuma 90. Jumla 140.

Lakini filta haikai mpya. Kiwango cha Ulaya cha EN 13053 kinashauri filta ya vumbi kubwa itolewe inapoongeza paskali 50 juu ya hali yake ya upya, na ya chembe ndogo inapoongeza 100, au presha inapofika mara tatu ya ile ya mwanzo, lolote litakalotangulia. Kwetu, ya mbele itatolewa ikifika 100, ya nyuma 190. Jumla 290, yaani zaidi ya mara mbili ya 140 tulizoanza nazo.

Mkandarasi aliyechagua feni kwa kuangalia 140 hatagundua kosa siku ya makabidhiano, kwa kuwa siku hiyo filta ni safi na hewa inavuma vizuri. Kosa hujitokeza miezi michache baadaye. Hewa inapungua, vyumba vya mwisho wa bomba vinakuwa na joto, na koili inaweza kuganda barafu. Wapangaji wanalalamika. Fundi anapanda juu, anachomoa filta, na baridi inarudi. Nimeiona kazi hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara koili ilikuwa imeshonwa vumbi ambalo maji na sabuni havikulitoa lote. Simlaumu sana fundi, maana feni ile haikupewa nguvu ya kuishi na filta.

Nguvu hiyo ina gharama yake. Kwa wastani wa paskali 215 katikati ya usafi na uchafu, na feni yenye ufanisi wa asilimia 60, filta peke yake hutumia karibu kilowati 1. Saa kumi kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni uniti 3,000 za umeme. Ndiyo maana napendelea kuongeza filta ya nne katika kila safu kuliko kununua feni kubwa zaidi. Hewa ileile ikigawanywa kwa nne, kila filta inapitisha kidogo, kizuizi kinashuka na nafasi ya kubeba vumbi inaongezeka. Ila nafasi hiyo lazima itengwe kabla mtambo haujaagizwa.

Mwenye jengo anaweza kuyasimamia haya bila kuwa mhandisi. Afungiwe kipimo cha presha kwenye kila safu, na filta zibadilishwe kwa usomaji wake, si kwa kalenda wala kwa rangi. Presha ikibaki chini miezi mingi katikati ya kiangazi, asifurahi: huenda filta imechanika au hewa inapita pembeni ya fremu, na alama zake ni michirizi ya vumbi kwenye kingo. Na kabla ya kusaini mkataba, amwombe mkandarasi aandike feni itatoa hewa kiasi gani filta zikiwa zimefika mwisho wa kazi yake.