Mtu au Mashine? Namna ya Kuyapima Majibu Yaliyomo katika Picha ya Skrini

Katika mkoa wa Singida, ambako alizeti ni zao kubwa la biashara, wakulima wengi siku hizi huulizia mbegu kwa ujumbe wa simu kabla ya kufunga safari ya kwenda mjini. Majibu wanayoyapata huhifadhiwa kama picha ya skrini, na picha hiyo hupitishwa kwa jirani au kwa mwalimu aliye karibu, pamoja na swali moja: je, aliyejibu ni mtu, au ni programu ya kompyuta inayojibu yenyewe? Swali hili lina uzito. Mtu anayesema kuwa mbegu zipo yamkini ameziona ghalani. Programu hurudia tu maneno iliyopewa, hata kama ghala ni tupu.

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili. Mama mmoja mkulima wa Iramba ameliandikia duka la pembejeo. Picha yake inaonyesha hivi:

14:07 Mkulima: Habari za mchana. Nahitaji mbegu za alizeti aina ya Record, kilo nne.
14:07 Duka: Karibu! Asante kwa kuwasiliana nasi.
14:07 Duka: (Maelezo marefu ya upandaji wa alizeti, herufi 540.)
14:09 Mkulima: Maelezo ninayo. Mbegu nilizonunua mwaka jana hazikuota. Je, hizi zimepimwa?
14:10 Duka: Mbegu zipo! Bei yetu ni nafuu. Tuma malipo leo upate mbegu zako.
14:12 Mkulima: Duka liko upande gani wa soko?
14:19 Duka: tuko nyuma ya stendi ya zamani mama, ukifika uliza fundi cherehani. ila record zimeisha jana, subiri jmatatu

Ushahidi wa saa

Jambo la kwanza la kupima ni muda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ambao ulihusisha watu zaidi ya 37,000, ulionyesha kuwa kwa wastani mtu huandika maneno 36 kwa dakika kwenye simu. Katika vipimo vya namna hiyo neno moja huhesabiwa kuwa herufi tano, hivyo ni herufi 180 hivi kwa dakika. Kwa makadirio hayo, maelezo yenye herufi 540 yangehitaji dakika tatu. Lakini yalifika katika dakika ile ile ya 14:07, yaani kabla sekunde 60 hazijatimia. Ni dhahiri kuwa hayakuandikwa wakati huo.

Hata hivyo, msomaji asiharakishe kusema kuwa hapakuwa na mtu. Programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, humwezesha mwenye duka kuhifadhi majibu na kuyatuma kwa kugusa mara chache tu. Pia hutuma salamu yenyewe kwa mteja anayeandika kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kasi inathibitisha kwamba maneno yalikuwa tayari. Haithibitishi nani aliyeyatuma.

Saa ya kwenye skrini ina upungufu mwingine: haionyeshi sekunde. Kutoka 14:09 hadi 14:10 yaweza kuwa sekunde moja, iwapo swali lilitumwa mwishoni mwa dakika, au karibu dakika mbili nzima. Jibu la 14:10 lina herufi 64, ambazo mtu angeziandika kwa sekunde 21 hivi. Hapa saa haisemi lolote, na inabidi kuyatazama maneno yenyewe.

Ushahidi wa maneno

Programu za awali za mazungumzo zilitegemea maneno ya kidokezo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alieleza programu yake iitwayo ELIZA. Ilitafuta neno fulani katika sentensi ya mtu, kisha ikatoa jibu lililounganishwa na neno hilo. Haikuelewa kitu, na bado baadhi ya watu waliona kana kwamba wanasikilizwa. Programu nyingi za maduka hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo hadi leo.

Kiswahili huziumbua programu hizo kwa namna ya pekee, kwa sababu ukanushi wetu umo ndani ya kitenzi. “Zimeota” na “hazikuota” hutofautiana kwa viambishi tu, wakati neno “mbegu” hubaki vile vile. Programu inayotafuta “mbegu” peke yake hutoa jibu moja kwa anayetaka kununua na kwa anayelalamika. Ndivyo ilivyotokea saa 14:10: mkulima ameeleza hasara na kuuliza juu ya upimaji, naye akajibiwa kwa tangazo la bei. Muuzaji mvivu au mwenye hila angeweza pia kulikwepa swali. Lakini tukiliunganisha jibu hili na yale mawili yaliyotangulia, dhana ya mashine inapata nguvu.

Jibu la 14:19 ni la namna nyingine kabisa. Limechelewa kwa muda ulio kati ya dakika sita na nane. Kuchelewa peke yake si hoja, maana programu yaweza kuamriwa kungoja. Makosa ya herufi ndogo na ufupisho “jmatatu” si hoja pia, kwani huweza kuigwa. Hoja yenye uzito ni kwamba jibu hili linafuata swali hasa lililoulizwa, linataja alama ya mahali isiyotarajiwa kuwamo katika maelezo ya bidhaa, na linatoa habari inayopingana na masilahi ya muuzaji: mbegu zimeisha. Linapingana pia na “Mbegu zipo!” iliyotumwa dakika tisa kabla.

Uamuzi wa busara, basi, si kusema “ni mashine” au “ni mtu” kwa picha nzima. Kila jibu lihukumiwe peke yake. Salamu huenda ni ya mashine. Maelezo yalikuwa yameandikwa kabla. Tangazo la 14:10 yaelekea ni la mashine. La mwisho yaelekea ni la mtu aliyeshika simu. Mkulima ambaye angetuma fedha saa 14:10 angelipia mbegu ambazo hazikuwapo, ingawa pengine hakuna mtu yeyote aliyekusudia kumdanganya.

Mipaka ya vipimo hivi

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu za namna mpya, zilizofunzwa kwa maandishi mengi mno. Hizi huweza kutambua ukanushi, hubadilisha maneno kila zinapojibu, na huweza hata kukosea herufi zikiamriwa. Kwa hizo, kipimo cha “hazikuota” hakitoshi tena. Wakati mwingine husahau kwamba 14:00 kwetu ni saa nane mchana, zikaandika “saa mbili mchana”. Lakini kosa hilo hufanywa pia na mtu anayetafsiri kwa haraka.

Picha yenyewe nayo si shahidi kamili. Ujumbe waweza kuwa umefutwa au umekatwa pembeni, na maandishi huweza kubadilishwa kabla picha haijasambazwa. Ni afadhali kuomba mazungumzo yote kutoka simu ya mwenyewe. Nakala inayotolewa na WhatsApp kwenye simu za iPhone huonyesha hata sekunde, na hapo ile shaka ya 14:09 na 14:10 huweza kuondoka.

Mwisho, kuna maneno ambayo ukweli wake hupimwa nje ya skrini. “Nyuma ya stendi ya zamani, kwa fundi cherehani” ni dai ambalo jirani aliye mjini anaweza kulihakikisha kwa miguu yake. “Mbegu zipo” huhakikishwa kwa kupiga simu na kusikia gunia likifunguliwa na kupimwa. Mpaka hapo, fedha ibaki kwa mwenyewe.