Chaja ikikung'ata, usiichekee!

Leo naomba tuongee kuhusu kile kidude tunachokichomeka ukutani kila siku ya Mungu bila kukitupia jicho. Chaja ya simu.

Bila shaka wengi mnaikumbuka Juni 16, 2016. Usiku wa siku hiyo TCRA ilizima simu feki nchi nzima. Wajanja walikuwa wameshabonyeza *#06# mapema, wakaipata namba ya simu zao na kujua kama zitasalimika. Ambao hawakubonyeza waliamka na simu isiyoshika mtandao. Sasa fikiria jambo moja: simu feki ina namba, kwa hiyo serikali inaweza kuizima ikiwa Dar es Salaam. Chaja feki haina namba yoyote. Hakuna wa kukuzimia. Ipo pale kwenye soketi, na mtu pekee wa kuigundua ni wewe mwenyewe uliyeishika.

Hebu niwape kisa cha binti mmoja mwenye saluni pale Kasulu mjini. Jina nalihifadhi. Chaja yake ya zamani ilikatika waya, akanunua nyingine kwa machinga aliyekuwa anapita, shilingi elfu tatu. Boksi zuri, maandishi yanang'aa, jina kubwa la kampuni. Wiki ya pili akaanza kuniambia, "Kaka, hii simu siku hizi inaning'ata." Wenzake saluni wakawa wanacheka, eti simu ina wivu. Mimi sikucheka. Nilimwambia aichomoe, tukaenda nayo kwa fundi simu mmoja ninayemwamini.

Dalili ya kwanza ilikuwa huo mng'ato. Ukipitisha kidole taratibu kwenye fremu ya chuma ya simu iliyo kwenye chaji, unasikia kama ngozi inakwaruzwa au kutetemeka. Binti alikuwa anausikia zaidi asubuhi anapodeki, akiwa pekupeku kwenye sakafu ya simenti yenye maji. Akivaa kandambili, unapungua. Hapo hakuna uchawi. Umeme unatoka kwenye chaja, unapita kwenye simu, unapita mwilini mwake na kuzama ardhini. Maji na miguu mitupu vinaurahisishia njia, na mpira wa kandambili unaiziba.

Hapa lazima niseme kweli, maana wapo watakaotupa chaja nzima kwa hofu. Hata chaja orijino inaweza kukutekenya kidogo sana. Ndani yake kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa simu ili kutuliza makelele ya umeme, na hiyo huvujisha chembe ya umeme isiyodhuru. Ndiyo maana hata ile testa ya bisibisi ya mafundi, inayowaka taa, haitoshi kutoa hukumu, kwani inaweza kuwaka kwenye zote mbili. Tofauti ni kwamba kapasita ya orijino ni ya aina maalumu, iliyotengenezwa ili hata ikifa isiuachie umeme wa ukutani upite. Feki nyingi huwekewa kapasita ya kawaida tu. Siku hiyo ikifa vibaya, kile kilichokuwa kinakutekenya kinageuka kuwa shoti ya kweli.

Kwa hiyo pima hivi. Kama umetoka kwenye chaja iliyokuja na simu, simu ikawa kimya, halafu kwa chaja mpya kwenye soketi ileile inang'ata, basi jibu unalo. Kama mng'ato ni wa kukufanya uutoe mkono haraka, usijaribu mara ya pili. Zima swichi ya ukutani kwanza, kisha ndipo uchomoe.

Fundi wetu aliipasua ile chaja. (Wewe usifanye hivyo nyumbani, kwani ndani unabaki umeme hata baada ya kuchomoa.) Akatuonyesha bodi yake. Upande mmoja unaingia umeme wa TANESCO, volti 230. Upande wa pili zinatoka volti 5 za kwenda kwenye simu. Katikati kuna transfoma, na pande hizo mbili hazitakiwi kugusana kabisa. Kwenye chaja nzuri utaona pengo la milimita kadhaa kati ya pande hizo, na mara nyingine bodi imekatwa mfereji kabisa. Kwenye ile ya binti, pengo lilikuwa jembamba kuliko unene wa kucha ya kidole gumba. Transfoma yenyewe ilikuwa imeviringishwa gundi ya karatasi mara moja tu, basi. Kati ya volti 230 na shavu la binti anapopokea simu, hicho ndicho kilichokuwa kimesimama.

Na msidhani ni bahati mbaya ya chaja moja. Mwaka 2016 shirika la kupima usalama la UL lilichukua chaja feki 400 zilizoigwa kama za Apple, likazijaribu kama ukuta huo wa ndani unahimili umeme mkubwa. Zilizofaulu ni 3. Ndiyo, tatu tu kati ya 400. Na kati ya zilizoshindwa, 12 zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua mtu.

Dalili ya pili ni joto. Chaja yoyote inayofanya kazi hupata vuguvugu, hilo si kosa. Lakini sisi tunaokaa huku milimani tuna bahati moja: jioni za Kasulu zina baridi, kwa hiyo kitu chenye joto la ajabu hakijifichi. Ishike chaja ikiwa imechaji kwa nusu saa. Kama huwezi kuikumbatia kiganjani ukahesabu taratibu mpaka kumi, hiyo imepita kiasi. Halafu fanya jaribio la pili: ichomeke bila simu kwa nusu saa. Inapaswa kuwa ya baridi au karibu na baridi, maana haina mzigo. Ya binti ilikuwa na moto ikiwa haina kazi yoyote, na plastiki yake karibu na pini ilishaanza kugeuka rangi ya chai. Ukiona rangi hiyo, au ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, hakuna haja ya kuendelea kupima.

Na jamani, ile tabia ya kulala na simu kwenye chaji chini ya mto! Joto likikosa pa kutokea linazidi, na pembeni kuna godoro la sponji na chandarua. Sihitaji kuwamalizia sentensi.

Dalili ya tatu ni nguvu ndogo. Volti ni kama msukumo wa maji kwenye bomba, na ampea ni wingi wa maji yanayopita. Ukizizidisha unapata wati. Chaja ya binti iliandikwa volti 5, ampea 2, yaani wati 10. Fundi akachomeka kipimo kidogo cha USB kati ya chaja na waya. Bila simu ilionyesha volti 5 safi kabisa. Simu ilipochomekwa, volti zikaanguka mpaka 4.6, na ampea zikaishia 0.7. Hiyo ni kama wati 3, chini ya theluthi moja ya ilivyoandikwa.

Kama huna kipimo, saa ya ukutani inatosha. Simu ya binti ina betri ya mAh 5000. Tuliiacha ifike asilimia 20, tukazima data, tukaichaji kwa chaja orijino ya fundi ya wati 10 kwa dakika 30. Ikafika 40. Tukaishusha tena mpaka 20, tukarudia kwa ile chaja ya elfu tatu kabla haijapasuliwa. Ikafika 26. Kwa mwendo huo, kuijaza kungechukua saa sita na zaidi, wakati nzuri ingemaliza kwa chini ya saa tatu.

Ila kuna mtego mmoja: waya. Waya mbovu nao huchelewesha chaji, na chaja ikabebeshwa lawama bure. Tumia waya uleule kwa chaja zote mbili. Kama zote zinasuasua, badilisha waya kwanza. Kama zinasuasua hata kwa waya mpya, shida huenda iko kwenye betri au tundu la simu. Na usiisingizie TANESCO haraka. Kasulu na Kibondo tulikaa miaka mingi na umeme wa jenereta za dizeli kabla ya gridi ya Taifa, na tumezoea kulaumu umeme kwa kila kitu. Chaja nzuri iliyoandikwa 100-240V inaendelea kutoa wati zake hata umeme ukishuka kiasi.

Umeme mchafu wa chaja feki una kituko kingine pia. Skrini inaanza kuruka, unabonyeza A inatoka S, au simu inajipigia watu yenyewe. Ukiichomoa inatulia. Huyo si jini, ni chaja.

Sasa wapo watakaosema, "Si naichaji mchana tu, au nitampa mdogo wangu." Hapana. Ukuta wa ndani ukiwa mwembamba hautanenepa. Joto la kila siku linaukausha zaidi, na siku umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika ndiyo siku yake ya mtihani. Hakuna fundi wa kuongeza pengo kwenye bodi. Chaja hiyo hairekebishwi, inabadilishwa. Na kabla ya kuitupa ikate pini, asije mtu akaiokota na kuiuza tena.

Ukinunua nyingine, boksi na maandishi visikutongoze, kwa sababu ndivyo rahisi kuviiga kuliko vyote. Nunua kwa mwenye duka unayejua utamkuta kesho, dai risiti, na mwambie wazi kwamba utaipima kwa dakika 30. Mwenye mali safi hatakasirika. Akikuuzia feki na kukukana, wapo Tume ya Ushindani (FCC) na TBS, na risiti yako ndiyo ushahidi.

Binti wetu alinunua nyingine yenye risiti. Simu yake haing'ati tena, hata akideki pekupeku. Ya kwenu je? Usiku huu, kabla hamjalala, ikumbatieni chaja muhesabu mpaka kumi.