Kanuni ya Matumizi ya Kiungo katika Itifaki ya Simama-na-Ungoje

Katika itifaki ya simama-na-ungoje, mtumaji hutuma fremu moja, kisha hukaa kimya hadi apokee uthibitisho kwamba imefika salama. Muda wa kuiingiza fremu katika kiungo, Tf, ni idadi ya biti zake kugawanywa kwa kasi ya kiungo. Muda wa mawimbi kusafiri upande mmoja ni Tp. Tukichukulia kwamba uthibitisho ni mfupi mno na uchakataji hauchukui muda, mzunguko mmoja hudumu Tf + 2Tp, na katika muda huo kiungo hufanya kazi kwa Tf tu. Kwa hiyo:

U = Tf / (Tf + 2Tp) = 1 / (1 + 2a), ambapo a = Tp / Tf

Tuchukue setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mawimbi hupanda na kushuka kwa takriban milisekunde 250. Kiungo kikiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, fremu ya baiti 1,500, yaani biti 12,000, huingizwa kwa milisekunde 6. Mzunguko mzima huchukua milisekunde 506, hivyo U ni asilimia 1.2. Mwenye kiungo hupata kilobiti 23.7 tu kwa sekunde.

Huenda akadhani dawa ni kununua kasi zaidi. Tuseme amenunua megabiti 20: Tf hushuka hadi milisekunde 0.6, lakini zile 500 za safari hazipungui. Sasa anapata kilobiti 23.97. Amelipia kasi mara kumi, naye ameongeza chini ya theluthi moja ya kilobiti! Kikomo chake ni biti 12,000 kwa nusu sekunde, yaani kilobiti 24, hata kasi ikiongezwa vipi. Hiyo ndiyo dalili ya kutafuta katika vipimo: kasi ya kiungo hupanda, mtiririko wa data haupandi.

Kurefusha fremu nako kuna gharama. Katika kiungo cha megabiti 2, kufikia nusu ya matumizi kunahitaji fremu ya biti milioni moja. Ikiwa biti moja katika kila milioni huharibika kwa wastani, bila kutegemeana, takriban asilimia 63 ya fremu hizo zitafika na kasoro na kulazimika kurudiwa. Kwa fremu ya biti 12,000, hasara hiyo ni asilimia 1.2 tu.

Hata hivyo, itifaki yenyewe haina kosa mahali pafupi. Kwenye waya wa mita 100 na kasi ya megabiti 10, fremu ileile hutumia milisekunde 1.2 kuingia, ilhali safari ya upande mmoja ni nusu ya maikrosekunde. U huzidi asilimia 99.9. Katika setilaiti, mtumaji hana budi kuruhusiwa kutuma fremu nyingine kabla ya uthibitisho wa kwanza kurudi. Idadi inayotosha kukijaza kiungo ni 1 + 2a, ambayo kwa megabiti 2 ni fremu 85.