Mgongo Usipopona kwa Wakati: Dedilifti Mara Ngapi kwa Wiki?

Katika dedilifti, chuma hutoka sakafuni kikiwa kimetulia kabisa, na misuli inayopakana na uti wa mgongo hukaza tangu mwanzo hadi mwisho ili mgongo usipinde. Misuli hiyo hiyo hufanya kazi unapochuchumaa na chuma begani, na tena unapoinama kuvuta chuma kuelekea tumboni. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mapaja yaliyopumzika vizuri, lakini kiuno kikawa bado kimechoka.

Tuseme mnyanyuaji ambaye uzito wake wa juu ni kilo 180 huvuta kilo 150 Jumatatu, seti tatu za marudio matatu, kisha hurudia hivyo hivyo Alhamisi. Anapopasha mwili kwa kilo 120, uzito ambao kwa kawaida huondoka sakafuni upesi, siku hizi chuma kinasita. Likitokea mara moja, huenda hakulala vya kutosha. Likitokea Alhamisi mbili mfululizo, tatizo ni ratiba.

Asiache kuvuta mara mbili kwa wiki. Abadilishe kazi ya Alhamisi. Jumatatu ibaki ilivyo. Alhamisi afanye dedilifti ya Kiromania, iliyopewa jina hilo kutokana na Nicu Vlad, mnyanyuaji wa Romania aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984. Hapa huanza akiwa amesimama, anasukuma nyonga nyuma, anashusha chuma hadi chini kidogo ya magoti, kisha anarudi juu bila kukigusisha sakafu. Kilo 90, seti tatu za marudio manane, zinamtosha, na kila seti aimalize akiwa bado na nguvu ya marudio matatu au manne. Akishindana na uzito hapa, misuli ya nyuma ya paja itauma siku kadhaa na ile nafuu itapotea.

Si kila aina ni nafuu. Kuvuta ukiwa umesimama juu ya ubao huongeza umbali wa kunyanyua na kukulazimisha kuinama zaidi. Kuvuta chuma kilichoinuliwa juu ya mbao hupunguza umbali, lakini wengi hupakia uzito mkubwa kuliko wa sakafuni, na kiuno hulipa gharama.

Baada ya wiki tatu au nne apime kwa kilo 120 zile zile. Zikipanda upesi, mpango umefaa, aongeze kilo mbili na nusu Jumatatu. Zikisita bado, siku nzito ije kila baada ya siku kumi, na wiki isiyo na siku nzito abaki na ile nyepesi tu. Apunguze pia seti za kuchuchumaa kabla ya kulaumu dedilifti peke yake.

Hayo yote yanahusu uchovu. Maumivu makali yanayoshuka mguuni au ganzi ya mguu si uchovu wa misuli; aache kunyanyua na amwone daktari.