Marashi ya "kuvuta mapenzi": kabla hujatoa pesa yako

Mpwa wangu anafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Garissa. Mwezi uliopita alinipigia simu. "Mjomba, shikamoo. Nimenunua mafuta ya feromoni. Ijumaa nakutana na binti, kaka yake atakuwepo. Nijipake kiasi gani?"

Kichupa cha mililita 10 kilimgharimu shilingi 1,500. Muuzaji alimwambia kwamba mafuta hayo hayanukii sana, lakini yanaingia moja kwa moja kwenye ubongo wa mwanamke. Nikamwambia asijipake kwanza, anisikilize.

Feromoni si uongo. Ni kemikali ambayo mnyama huitoa na mwenzake wa spishi ile ile akaitikia. Mwaka 1959 Mjerumani Adolf Butenandt alitangaza ya kwanza kujulikana, bombikoli, baada ya kukusanya nondo wa hariri wa kike wapatao nusu milioni. Nondo dume akiinusa, hata kwa kiasi kidogo mno, huanza kupiga mbawa na kumtafuta jike. Nguruwe dume naye ana androstenoni katika mate yake, na jike aliye tayari akiinusa husimama tuli. Wafugaji wa nguruwe wana kopo la kupulizia dawa hiyo.

Tatizo linaanza pale muuzaji anapotoka kwa nondo na nguruwe kuja kwetu. Mpaka leo hakuna kemikali iliyothibitishwa kuwa feromoni ya binadamu. Mbili zinazotajwa sana, androstadienoni na estratetraenoli, zilipata umaarufu kutokana na mkutano wa mwaka 1991 uliodhaminiwa na kampuni yenye maslahi ya kibiashara. Mwaka 2015 Tristram Wyatt wa Oxford alieleza kwamba utafiti mwingi uliofuata ulizichukua tu kama zilivyo, bila mtu kuonyesha kwanza kwa nini zidhaniwe kuwa feromoni.

Mwaka 2017 watafiti wa Australia wakazipima. Watu walinusa kemikali hizo siku moja, na siku nyingine wakanusa kitu kisicho nazo. Harufu ya karafuu ilitumika siku zote mbili ili mtu asijue amenusa nini. Kisha wakaonyeshwa picha za nyuso, waseme nani anavutia. Majibu hayakubadilika.

Basi soma kibandiko cha kichupa. Kikisema "feromoni" bila kutaja ni kemikali gani, umenunua neno. Kikitaja androstenoni, jua kwamba baadhi ya watu hawaisikii kabisa, na wengine huisikia kama mkojo. Je, unataka kubahatisha hilo mbele ya shemeji mtarajiwa?

Harufu ina kazi yake ya kweli, nayo ni ndogo kuliko ahadi ya kichupa. Huko Uingereza, mwaka 2009, wanaume waligawiwa dawa ya kupulizia kwapani. Wengine walipewa yenye manukato na kinga ya vijidudu, wengine isiyo na kitu. Wanawake waliowatazama kwenye video isiyo na sauti waliwaona waliopata manukato kuwa wanavutia zaidi, ingawa hawakuwanusa. Kilichobadilika ni jinsi wanaume wale walivyojiamini na kujibeba.

Kwa hiyo mpwa wangu nilimpa ushauri huu. Joto la Garissa hupita nyuzi 35, na jasho bichi la kwapani halina harufu kubwa. Vijidudu vya ngozi ndivyo vinavyolivundisha. Oga karibu na saa ya kuonana, vaa shati lililofuliwa, maana harufu ya zamani hukaa kwenye kitambaa. Marashi juu ya jasho la jana hayalifichi, yanachanganyika nalo tu. Kisha tone moja la udi kila upande wa shingo, basi. Pua yako itaizoea baada ya dakika chache na utadhani imeisha. Usiongeze, mwenzako bado anaisikia. Na kama unajifukiza kwa unsi, tundika shati juu ya chetezo, kisha liache lipunge hewa. Moshi mzito humuumiza mwenye pumu.

Binti mwenyewe huenda asiwe na manukato yoyote, kwa kuwa wengi wetu tumefundishwa kwamba mwanamke hajitii manukato mbele ya wanaume wasio maharimu. Asimhesabie kuwa hajali.

Ijumaa ilipita. Waliongea saa nzima, kaka mtu akauliza mengi kuhusu kazi na mshahara, wakaagana kuonana tena. Sisemi udi ndio uliofanya hivyo. Kichupa cha shilingi 1,500 kipo kabatini, hakijafunguliwa.