Kuuza hisa za kukopa: Kwa nini faida ina mwisho lakini hasara haina?

Ijumaa ya Oktoba 24, 2008, hisa moja ya Volkswagen ilikuwa takriban yuro 210. Jumanne iliyofuata ilivuka yuro 1,000 kwa muda mfupi, na kampuni hiyo ya magari ya Ujerumani ikawa yenye thamani kubwa kuliko zote kwenye masoko ya hisa duniani.

Waliokuwa na hisa walishangilia. Lakini kuna waliopoteza mabilioni, nao ni wale waliouza hisa ambazo hazikuwa zao.

Unauzaje kitu cha mtu mwingine?

Kwa kawaida mtu ananunua hisa, anasubiri bei ipande, halafu anauza. Hapa mambo yanageuzwa: unauza kwanza, unanunua baadaye.

Tuseme unaamini bei ya Volkswagen itashuka. Unakopa hisa 10 kupitia dalali wako na kuziuza sokoni kwa yuro 200 kila moja. Unapata yuro 2,000, ila deni lako si pesa. Deni ni hisa 10, na lazima uzirudishe.

Bei ikishuka hadi yuro 150, unanunua hisa 10 kwa yuro 1,500, unamrudishia mwenyewe, na yuro 500 zinabaki zako. Utatoa humo ada ya kukopa, na kama kampuni imelipa gawio kabla hujazirudisha, gawio hilo unamlipa mwenye hisa.

Hesabu inapogeuka

Sasa jiulize, unaweza kupata faida kiasi gani? Bei ya hisa haiwezi kushuka chini ya sifuri. Hata kampuni ikifa kabisa, kikubwa utakachopata ni zile yuro 2,000 ulizouzia. Hapo ndio mwisho.

Upande wa pili hauna dari. Bei ikifika yuro 400, utanunua kwa yuro 4,000 ulichouza kwa 2,000, yaani hasara ni yuro 2,000. Ikifika 1,000, utalipa yuro 10,000 na hasara ni 8,000, mara nne ya faida kubwa kabisa uliyoweza kuipata. Na hakuna sheria inayosema bei itasimama hapo.

Aliyenunua hisa kwa pesa yake anaweza kupoteza alichoweka tu. Aliyekopa anaweza kupoteza alichoweka, kisha akabaki na deni.

Kilichotokea Volkswagen

Wengi waliona bei ya Volkswagen ni kubwa mno kwa wakati ule wa msukosuko wa fedha duniani, hivyo wakakopa hisa na kuziuza. Hisa zilizouzwa hivyo zilifika zaidi ya asilimia 10 ya hisa zote za kawaida za kampuni.

Jumapili, Oktoba 26, Porsche ikatangaza kwamba ina asilimia 42.6 ya hisa za Volkswagen, pamoja na mikataba iliyohusu asilimia 31.5 nyingine. Jimbo la Saksonia ya Chini nalo lilikuwa na karibu asilimia 20, na halikuwa linauza.

Piga hesabu: zilizobaki sokoni ni kama asilimia 6 tu. Waliotakiwa kurudisha hisa walikuwa wanahitaji nyingi kuliko zilizopo!

Jumatatu wote wakakimbilia kununua kwa pamoja. Kila aliyenunua ili kulipa deni alipandisha bei, na bei ilipopanda, hasara ya waliobaki ikaongezeka.

Kwa nini wasingesubiri tu?

Kwa sababu dalali hasubiri. Anayekopa hisa huweka dhamana, na bei ikipanda, dalali anadai dhamana zaidi. Ukishindwa, ananunua hisa kwa pesa yako na kufunga deni kwa bei yoyote iliyopo, hata kama wiki ijayo ingeshuka.

Na kweli ilishuka. Siku moja baada ya kilele, Porsche ilisema iko tayari kuachia hadi asilimia 5 ya hisa, na bei ikaporomoka. Lakini waliokwisha lazimishwa kununua hawakurudishiwa kitu. Wazo lao kwamba bei ni kubwa mno lilikuwa sahihi, ila pesa iliwaishia kabla soko halijakubaliana nao.

Je, kuna kinga?

Wengine huacha agizo kwa dalali, mfano: bei ikifika yuro 230, nunua mara moja. Husaidia bei inapopanda polepole. Habari ikitoka Jumapili soko likiwa limefungwa, Jumatatu bei inaweza kuruka 230 bila kusimama, na agizo lako likanunua huko juu ilikofikia.

Njia nyingine ni kulipia mkataba unaokupa haki ya kuuza hisa kwa bei mliyokubaliana. Bei isiposhuka, unapoteza ulicholipia mkataba huo, basi. Hudaiwi hisa ya mtu.